Siku ambayo umri wa dada unakuwa mara mbili kamili ya umri wa mdogo wake

Swali: "Binti yangu alizaliwa tarehe 3 Mei 2018 na mdogo wake wa kiume tarehe 20 Januari 2024. Ni siku gani hasa dada atakuwa na umri mara mbili ya mdogo wake? Nikipiga hesabu kwa njia mbili napata tarehe mbili."

Ndugu, siku unayoitafuta ni Jumatatu, tarehe 8 Oktoba 2029. Nimefundisha hisabati ya sekondari kwa muda mrefu, na swali hili huletwa mara kwa mara, si na wanafunzi tu bali hata na wazazi, kwa sababu jibu lake hutegemea unahesabu umri kwa kipimo kipi.

Huhitaji milinganyo ili kuliona. Siku mdogo alipozaliwa, dada alikuwa tayari ameishi muda fulani, na pengo hilo halibadiliki maishani mwao. Umri wa dada siku zote ni umri wa mdogo ukijumlisha pengo hilo. Basi ili umri wa dada uwe mara mbili ya ule wa mdogo, lazima umri wa mdogo ulingane na pengo lenyewe. Kwa maneno mengine, unatafuta siku ambayo mdogo atafikia umri aliokuwa nao dada yake siku yeye alipozaliwa. Jambo hilo hutokea mara moja tu, na baada ya hapo dada huendelea kumzidi kwa miaka ileile lakini hawi tena mara mbili yake.

Sasa tuhesabu pengo kwa siku. Kutoka tarehe 3 Mei 2018 hadi tarehe 3 Mei 2023 ni miaka mitano, na ndani yake imo tarehe 29 Februari moja tu, ile ya mwaka 2020, kwa hiyo tunapata siku 1826. Kutoka hapo hadi tarehe 20 Januari 2024 ni siku 262, na jumla yake ni siku 2088. Siku hizo sasa zihesabiwe kuanzia kuzaliwa kwa mdogo. Miaka mitano kutoka tarehe 20 Januari 2024 inatufikisha tarehe 20 Januari 2029, lakini safari hii njiani kuna 29 Februari mbili, ya mwaka 2024 na ya mwaka 2028, hivyo zimepita siku 1827. Zinabaki siku 261, nazo zinaishia tarehe 8 Oktoba. Siku hiyo mdogo atakuwa ameishi siku 2088 na dada siku 4176.

Nadhani tarehe yako ya pili ni 7 Oktoba, na umeipata kwa kuhesabu miaka, miezi na siku. Pengo kwa njia hiyo ni miaka 5, miezi 8 na siku 17. Ukiliongeza kwenye tarehe 20 Januari 2024 unafika kwanza 20 Januari 2029, kisha 20 Septemba, kisha 7 Oktoba. Hukukosea kujumlisha. Tofauti ya siku moja inatokana na kwamba miezi na miaka ya kalenda haina urefu sawa: miaka mitano ya pengo ina siku 1826 ilhali miaka mitano ya mdogo ina siku 1827, na miezi minane inayofuata nayo si ileile. Kwa watoto wengine nimeona njia hizi mbili zikipishana kwa siku kadhaa. Ukitaka neno "kamili" liwe na maana yake, tumia siku, kwa sababu siku ndicho kipimo pekee kati ya hivyo kisichobadilika urefu.

Liko jambo jingine ambalo kwangu ndilo linalovutia zaidi. Watu hutaja umri kwa miaka iliyotimia, na kwa hesabu hiyo, tarehe 8 Oktoba 2029 binti yako ataambiwa ana miaka 11 na mdogo wake miaka 5, jambo ambalo mtu yeyote atalikataa kuwa si mara mbili. Badala yake kutakuwa na vipindi viwili ambavyo watu wataona umri mmoja ni mara mbili ya mwingine. Cha kwanza kitaanza tarehe 20 Januari 2029, mdogo atakapotimiza miaka 5 huku dada akiwa bado na miaka 10, na kitakwisha tarehe 2 Mei, mkesha wa dada kutimiza 11. Cha pili kitaanza tarehe 3 Mei 2030, dada atakapotimiza 12 na mdogo akiwa na 6, na kitaendelea hadi tarehe 19 Januari 2031. Siku halisi imeangukia katikati, nje ya vipindi vyote viwili.

Hali hiyo si ya watoto wote. Tazama sehemu ya pengo inayozidi miaka kamili, ambayo kwa wanao ni kama miezi minane na nusu. Ikiwa ziada hiyo haifiki nusu mwaka, siku halisi huangukia ndani ya kipindi cha kwanza, na watu wataona hesabu inakubali. Ikizidi nusu mwaka, kama kwako, siku halisi huja baada ya dada kuongeza mwaka mmoja, na kipindi cha kwanza kinakuwa kimeshapita. Vipindi hivyo viwili vikijumlishwa hufanya mwaka mmoja. Kwako cha kwanza kina siku 103 na cha pili siku 262.

Ukiwa na Excel kwenye simu au kompyuta, andika tarehe ya dada katika kisanduku A1 na ya mdogo katika B1, kisha katika C1 uandike hivi:

```
=2*B1-A1
```

Ukiona namba 47399 badala ya tarehe, badilisha tu muundo wa kisanduku uwe wa tarehe. Hatari kubwa iko kwenye kuingiza tarehe. Simu iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani itasoma 3/5/2018 kuwa tarehe 5 Machi bila kukuonya, wakati 20/1/2024 itaiacha kama maandishi kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini. Dalili yake ni kwamba tarehe moja inakaa upande wa kulia wa kisanduku na nyingine upande wa kushoto. Andika 2018-05-03 na 2024-01-20, na utata huo utakwisha.

Fomula hiyo pia inaonyesha tarehe ipi ihakikiwe kwa makini zaidi. Tarehe ya mdogo imezidishwa kwa mbili, ya dada imetolewa mara moja. Katika ukoo wetu yupo mtoto ambaye kadi ya kliniki na cheti chake cha kuzaliwa vinapishana kwa siku mbili. Kama ingekuwa hivyo kwa mwanao, na tarehe ya kweli ni 22 Januari, jibu lingesogea mbele siku nne hadi tarehe 12 Oktoba 2029. Kosa la siku mbili kwenye tarehe ya dada lingelisogeza jibu siku mbili tu, tena kwa upande wa pili: dada akizaliwa tarehe 5 Mei badala ya 3 Mei, siku hiyo inarudi nyuma hadi tarehe 6 Oktoba.