Neno la Teksi Lilipofika Meza ya Wazee

Mgeni wangu alikuwa mtalii wa siku tano, na Kiswahili chake karibu chote alikipatia kwenye teksi. Kwa siku nne dereva mmoja ndiye aliyemzungusha huku na huko, na kila jioni alirudi na neno jipya, akinisomea kama mtoto aliyetoka shule. Siku ya tano nikaenda naye kwenye harusi ya binamu yangu.

Tulikaa karibu na meza ya wazee. Mjomba wangu, mzee aliyezidi miaka sabini na anayependa utani, akamgeukia mgeni akamwambia polepole ili aelewe: "Kijana, wewe sasa ni wetu. Hurudi kwenu tena, mchumba tutakutafutia hapa hapa." Mgeni akaelewa. Nilimwona uso ukimng'aa kwa furaha ya kuelewa sentensi nzima. Akacheka, akampiga mjomba kofi la bega, akasema kwa sauti ya ukumbi mzima: "Usinizingue, mzee!"

Meza ya vijana nyuma yetu ikalipuka kwa kicheko. Meza ya wazee ikanyamaza. Mjomba aliangalia bega lake, kisha akaniangalia mimi. "Amesemaje?" aliniuliza, ingawa alikuwa amesikia vizuri kabisa.

Nianze na dereva, kwa sababu wengi niliowasimulia kisa hiki wanamlaumu yeye. Dereva hakumdanganya mtu. Mgeni alikuwa amemsikia akiongea na wenzake kwenye simu, na kila mwenzake alipotia chumvi kwenye hadithi, yeye alijibu "usinizingue!" huku akicheka. Mgeni akauliza maana yake. Dereva akamwambia ni kama kusema "acha utani" au "kweli?" Na ni kweli, kati yake na wenzake neno lile linafanya kazi hiyo. Tafsiri ilikuwa sahihi, ila ilikuwa sahihi kwa watu wa rika moja wanaojuana.

Lichambue neno lenyewe utaona tatizo liko wapi. Kuzingua ni kusumbua, kuharibu mambo, kumletea mtu uzushi. Ukisema "usinizingue" unamkataza aliye mbele yako, na papo hapo unamshtaki kwamba ndiye anayekusumbua. Rafiki yako anajua humshtaki, ndiyo maana anacheka; urafiki wenu ndio unaoligeuza shtaka kuwa utani. Mjomba wangu na mgeni walikuwa wamefahamiana kwa dakika kumi. Hakukuwa na kitu cha kuligeuza, kwa hiyo likabaki kama lilivyo: kijana anamkanya mzee. Kuongeza "mzee" mwishoni hakukusaidia. Nadhani kulizidisha.

Kuna mtego mwingine hapa ambao wageni wengi hawauoni. Mtu anayetoka kwenye Kifaransa au Kijerumani amezoea kuiona heshima kwenye kiwakilishi: kuna "wewe" wa rafiki na "wewe" wa mtu wa kuheshimiwa. Akija kwenye Kiswahili anakuta "wewe" ni yule yule kwa mtoto na kwa babu, basi anastarehe, anadhani lugha yetu haina ngazi. Ngazi zipo, ila zimewekwa kwingine. Zipo kwenye salamu, ambapo mdogo anasema shikamoo na mkubwa anaitikia marahaba, na haigeuzwi. Zipo kwenye namna ya kumwita mtu: mjomba, shangazi, mama fulani. Zipo kwenye kuchagua "naomba" badala ya "nipe" au "nataka". Na zipo kwenye kuchagua maneno yenyewe, yapi ya kijiweni na yapi ya sebuleni. Hilo la mwisho kamusi haimsaidii sana mgeni, kwa sababu kamusi inampa maana ya neno wakati anachohitaji kujua ni watu wake.

Ndiyo sababu swali la "hili lina maana gani?" halitoshi. Siku hizi kila mgeni ninayekaa naye namfundisha maswali mawili ya kumuuliza dereva, muuzaji, yeyote anayempa neno jipya: "Naweza kumwambia nani?" na "Nani nisimwambie?" Akiona uzito wa kukumbuka yote mawili, atumie moja tu, nalo halijawahi kuniangusha: "Wewe ungemwambia baba mkwe wako?" Hapo huhitaji hata jibu la maneno. Mtu akiulizwa kama anaweza kumwambia baba mkwe wake "usinizingue", atacheka kabla hajafungua mdomo, na kicheko hicho ndicho jibu. Akiulizwa kuhusu "nashukuru sana" atakushangaa tu kwa nini unauliza.

Njia ya pili ni kusikiliza neno linapotoweka. Baadaye mgeni alinisimulia kwamba siku ya tatu walisimamishwa na askari wa barabarani. Dereva yule yule wa "usinizingue" alishusha kioo, akakaa wima, akasema: "Shikamoo afande." Kwa dakika zote alizoongea na yule askari, hakutoa hata neno moja kati ya yale anayotumia kwenye simu. Somo lote lilikuwa pale, bure, mbele ya mgeni wangu, naye alikuwa anatazama dirishani. Ukitaka kujua neno ni la wapi, usihesabu mara ngapi linasemwa. Angalia linakwenda wapi mkubwa anapotokea.

Simwambii mgeni aache maneno ya mtaani. Atakuwa anaongea kama taarifa ya habari, na hakuna anayetaka kukaa na mtu wa hivyo. Ninachofanya ni kumpa pacha wa kila neno. Kwa "mambo?" ana "habari za leo?" Kwa "umetisha!" ambalo kijana analipokea kama sifa kubwa, ana "umependeza sana", maana mama wa bibi harusi hapaswi kuambiwa ametisha siku aliyotumia asubuhi nzima kujipamba. Na kwa "usinizingue" pacha wake ni "kweli, mjomba?" tu. Maneno mawili, mshangao ule ule, furaha ile ile, na hakuna anayeshtakiwa. Mgeni akikwama asijue atumie pacha yupi, achukue mpole. Kijana akiambiwa neno la sebuleni atatabasamu, lakini mzee akiambiwa la kijiweni ndiyo haya tunayosimuliana.

Shikamoo nayo ina mipaka yake, nisije nikaleta balaa jingine. Ni ya mtu aliyekuzidi umri waziwazi. Nimewahi kuwa na mgeni aliyefurahishwa nayo hadi akamwamkia bibi harusi aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mitano.

Sasa nikiri kosa langu, kwa sababu pale mezani mgeni alikosea mara moja na mimi nikakosea mara mbili. Mjomba aliponiuliza "Amesemaje?" alikuwa amenifungulia mlango. Swali lile halikuwa la kutaka tafsiri, alikuwa ananipa nafasi ya kurekebisha bila mtu kuaibika. Mimi nikacheka. Nikasema, "Anatania tu, mjomba." Kwa kicheko kile nikahamia upande wa meza ya vijana mbele ya macho yake, na kwa "anatania tu" nikamwambia kwamba aliyeshindwa kuelewa utani ni yeye. Kosa la pili ni kuanza kumweleza mgeni maana ya neno pale pale, kwa sauti, nikilirudia mara tatu. Kila nilipolirudia, mzee alitukanwa upya.

Vijana nao walizidi kuharibu. Wawili walikuja na simu zao: "Sema tena! Sema tena!" Mgeni alikuwa tayari kusema tena, na simlaumu, kwani masikioni mwake ukumbi ulikuwa unamshangilia. Mtu asiyejua lugha hawezi kutofautisha vicheko. Kwa hiyo nampa mgeni alama nyingine ya kutazama: ukisema neno na wakubwa wakaacha kukutazama wewe wakamtazama aliyekuleta, umekosea, hata kama nusu ya ukumbi inacheka. Acha hapo hapo. Sema "samahani, mzee", nyamaza, usiongeze maelezo.

Na wewe mwenyeji, kazi yako ni sentensi moja, kwa sauti ya chini, kwa mhusika peke yake: "Samahani mjomba, neno ameliokota barabarani, hajui uzito wake." Kisha mpe mgeni sababu ya kuinuka. Mtume akasalimie ndugu wa upande mwingine, mpeleke kupiga picha, chochote. Maelezo ya lugha yatafanyika nje.

Sisi tulikwenda nje kwa kuchelewa. Shangazi ndiye aliyenivuta mkono. Nilipomweleza mgeni alichosema, akawa mwekundu, akataka kurudi mbio kuomba radhi kwa maneno marefu aliyokuwa anayaunga kwenye simu yake. Nikamwambia hapana, maneno marefu yatamlazimisha mzee kulizungumzia tena jambo lile mbele za watu. Nikamfundisha mambo matatu tu: ainame kidogo, aseme "shikamoo mjomba", kisha "nisamehe, sikujua". Tukafanya mazoezi mlangoni kama mara sita, kwa sababu "nisamehe" alikuwa analitamka kama swali.

Tukarudi. Akainama, akasema. Mjomba akaitikia "marahaba", akamshika mkono na asiuachie. Akamtazama kwa muda kidogo, halafu akamuuliza, "Lile neno ulifundishwa na nani?"

"Dereva teksi," mgeni akajibu kwa sauti ndogo.

Mjomba akatikisa kichwa, akanigeukia mimi bila kutabasamu. "Mwambie huyo dereva wake," akasema, "amezingua."