Maswali na majibu: Mradi wa usafi wa mikono wodini

Mganga mfawidhi anataka wodi yetu ya upasuaji ifanye mradi wa usafi wa mikono. Wenzangu wanasema tuanze na semina. Ni sawa? (Sista, Morogoro)

Semina iache kwanza, Sista. Muuguzi wa miaka kumi kazini anajua kunawa. Kinachomshinda kiko kwingine, na hamtakijua mpaka mtazame. Chukueni nyakati tano za Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuweka kanula, baada ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kila wakati kama huo ukitokea ni nafasi moja. Hesabuni nafasi, kisha hesabuni ni ngapi zilitumika.

Tuseme mmeona nafasi 60, zikatumika 24, yaani asilimia 40. Msiishie hapo, zigawanyeni. Baada ya kumgusa mgonjwa: 14 kati ya 20. Kabla ya kumgusa: 5 kati ya 25. Watu wanajikinga wenyewe wakitoka, ila mgonjwa hakingwi wakiingia. Ukiangalia sinki utakuta iko mlangoni, njiani pa kutokea. Sasa lengo linaandikika: “Kabla ya kumgusa mgonjwa, kutoka asilimia 20 hadi 60, wodi ya upasuaji, ndani ya wiki 12.”

Nikisimama na karatasi, kila mtu anatakasa mikono. Nikiondoka, basi. Nipime vipi?

Hilo halikwepeki kabisa, linapunguzwa tu. Tazama kwa dakika 20 hivi, watu wasiozidi watatu kwa mara moja, na ubadilishe saa: raundi ya asubuhi, ugawaji wa dawa, zamu ya usiku. Aliyevaa glavu bila kutakasa mikono kwanza mwandikie kuwa hakutakasa, hata akikununia.

Ongeza kipimo kisichokuwa na macho: dawa ya kutakasa mikono iliyotumika. Wagonjwa 24 kwa siku 7 ni siku-wagonjwa 168. Mkitumia mililita 1,680 kwa wiki, ni mililita 10 kwa mgonjwa kwa siku, wakati kiwango kinachotajwa sana ni 20. Kipimo hiki hakisemi nani alitumia wala chupa gani ilienda nyumbani na mtu. Lakini karatasi yako ikipanda hadi asilimia 80 na chupa hazishuki, ujue kilichopanda ni aibu ya kutazamwa.

Tumejaza fomu za Panga, Tekeleza, Chunguza, Chukua hatua. Kila mzunguko tumeandika “umefanikiwa”. Mkaguzi amezikataa. Kosa liko wapi?

Nadhani hamkuandika utabiri. Bila utabiri hakuna cha kuchunguza.

Turudi kwenye wodi ile ya sinki mlangoni. *Panga:* chupa moja kwa kila vitanda viwili, chumba kimoja cha vitanda sita, zamu mbili za asubuhi. Utabiri: kabla ya kumgusa mgonjwa tutafika asilimia 50. *Tekeleza:* siku ya kwanza 8 kati ya 20, siku ya pili 4 kati ya 16. *Chunguza:* asilimia 40, kisha 25, utabiri umekosewa. Kwa nini siku ya pili ilianguka? Chupa mbili zilikutwa kwenye toroli ya vidonda, ya tatu ilikuwa tupu tangu jioni. Watu hawakukataa, chupa haikuwepo. *Chukua hatua:* wazo linabaki, linarekebishwa: chupa zifungwe kwenye chuma cha kitanda, na wa zamu ya jioni azijaze kabla ya kukabidhi. Huo ndio mzunguko wa pili, chumba kilekile, safari hii na zamu ya jioni ndani.

Mzunguko ulioshindwa hivi una thamani kuliko fomu zenu zote. Kwa wodi nzima subirini mpaka chumba kimoja kishike. Chora asilimia za kila wiki kwenye grafu, weka mstari wa kati wa wiki za mwanzo. Nukta sita mfululizo juu ya mstari huo ni badiliko la kweli. Mbili tatu zinaweza kuwa bahati tu.

Je, tuahidi kwamba vidonda vya upasuaji vitaacha kuoza?

Msiahidi. Wodi ndogo ikipata vidonda viwili vyenye maambukizi mwezi huu na kimoja mwezi ujao, huwezi kusema lolote. Virekodini, ila mradi upimwe kwa mikono.

Mikono inapasuka, wengine wameanza kukwepa.

Hilo nalo lipimeni: kila wiki uliza wangapi wamepata michubuko. Mara nyingi ni mtu anayenawa kwa sabuni kisha anapaka dawa papo hapo. Mikono ikionekana michafu, sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60. Isipoonekana michafu, dawa peke yake, sekunde 20 hadi 30, na mikono ikauke kabla ya glavu.