Barua kwa mwanangu: lile kabati

"Mama, mlango wa kulia wa lile kabati la mninga haufungi, unakwaruza chini. Fundi anataka kuupiga randa. Nimruhusu?"

Mwanangu,

Umenikumbusha Mama Pili. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki tulivyobadilishana vyombo mwaka 1996, pale Makole, Dodoma, nyumba mbili chini ya paa moja. Wageni wa posa ya Pili walikuwa wanakuja. Mama Pili alitaka kuwakalisha mkekani, ila sebule iwe na kabati la kuonekana. Akaniambia, "Shoga, nipe kabati lako, uchukue makochi yangu, mwezi mmoja tu." Nikakubali. Kusema kweli lilikuwa limenichosha. Mlango ulikuwa hivyo hivyo, unakwaruza, na baba yenu alishaupiga randa mara mbili.

Vijana wakalibeba. Nyuma yake nikakuta dirisha! Tulilijua lipo, lakini miaka saba hatukuliona. Asubuhi ile jua likapiga mpaka jikoni, nikaona ukuta wangu ulivyo mchafu, na njia ya mchwa imepanda hadi darini. Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Jioni nikaenda kwake kutazama kabati. Mlango unafunga bila kelele, lakini chini una mwanya unaopitisha kidole! Mama Pili akaniuliza kwa upole, "Fundi wako alikosea kipimo?" Nikajibu ndiyo, kama nilivyokuwa nikijibu miaka yote. Kumbe sakafu yetu ilimwagwa ikielekea mlangoni ili maji ya kudeki yatoke, na mguu mmoja wa mbele ulikuwa chini kuliko mingine. Mgongo wa lile kabati ni plaiwudi nyembamba, hauzuii kitu. Mguu ukishuka, fremu nzima inapinda, mlango unagusa chini. Sisi tukaukata mlango ufuate sakafu mbovu. Kwake sakafu ilikuwa sawa, basi kosa letu likaonekana.

Mti hausemi uongo, nimekwambia mara ngapi?

Naye alikuja kwangu kesho yake, akakaa kwenye kochi lake mwenyewe, upande wa ukutani. Likazama, magoti yakamfika kidevuni. "Haa! Hapa ndipo ninapowakalisha wageni?" Kwake yeye hukaa upande wa mlangoni siku zote. Wageni wa posa walipoondoka hakuyataka tena haraka. Alisema kumbe sebule yake si ndogo, ni makochi yalikuwa makubwa, na mume wake ameanza kula mkekani na watoto. Tulirudishiana baada ya miezi mitatu. Kabati nikaliweka ukuta mwingine, na dirisha halijazibwa mpaka leo.

Kile kijiti cheupe cha msonobari ukingoni mwa mlango, ulichokuwa ukikichokonoa ukichoshwa na masomo, ndicho kilichoziba ule mwanya.

Sasa, usinielewe vibaya. Huenda fundi wako yuko sahihi. Huko Dar hewa ina maji, siyo kama huku ambako kuanzia Mei hadi Oktoba upepo unakausha hata mate mdomoni. Mninga hauvimbi sana, lakini msonobari unavimba. Kama mlango unakwaruza wakati wa masika tu na kiangazi unafunga, ukiupiga randa sasa utapata mwanya baadaye. Kama unakwaruza mwaka mzima, mimi ningeshuku sakafu. Weka gololi chini mbele ya kabati uone inakimbilia wapi. Kisha chukua uzi, pima fremu ya mbele kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu pembe zile nyingine mbili. Nyuzi zikipishana kwa urefu, fremu imepinda. Chomeka kipande cha ubao chini ya mguu uliolegea, kidogo kidogo, hadi zilingane. Ndipo ujaribu mlango. Zikilingana na bado unakwaruza, basi… sitaki kusema. Kabati ni lako, fundi ni wako.

Ila yule fundi wa kwanza, aliyelitengeneza, nilimkata elfu nne ya mwisho kwa ajili ya ule mlango. Alisimama barazani akasema, "Mama, pima sakafu." Nikamwambia aende zake. Baada ya ile posa nikamtafuta karakana yake karibu na reli, nikakuta wanauza chipsi. Baba yenu alisema elfu nne si kitu. Labda. Lakini alinipa jibu nami nikamfokea, na kila ninapofungua lile dirisha namkumbuka.

Nipigie ukishaiona gololi imekwenda upande gani.

Mama