Foleni haiishi hata baada ya kuongeza msaidizi

SWALI: Nina duka dogo, nahudumia kupitia dirishani. Asubuhi watu wakienda kazini na jioni wakirudi foleni inakuwa ndefu mpaka wengine wanaondoka. Mwezi uliopita nilimwajiri kijana wa kunisaidia lakini naona foleni iko palepale, na chenji inanisumbua sana. Mwenzangu ananishauri nitoboe dirisha la pili. Je, nitoboe?

JIBU: Usitoboe kwanza, ndugu yangu. Ushauri uliopewa naukuta kila ninapokwenda, nao umewapotezea watu fedha nyingi: kwamba foleni maana yake wahudumu hawatoshi, kwa hiyo ongeza mtu, na mtu asipotosha ongeza dirisha. Kwa maduka madogo mengi si kweli. Foleni hutengenezwa na wateja wachache ambao kila mmoja anasimamisha huduma kwa dakika mbili tatu, wakati wote walio nyuma yake walihitaji chini ya dakika moja.

Tufanye hesabu. Tuseme katika saa ya msongamano mteja mmoja anafika kila baada ya sekunde 50, nawe unamhudumia kwa sekunde 45. Unatosha, na kila mteja anakuachia sekunde 5 za akiba. Sasa anakuja mwenye noti kubwa, droo haina noti ndogo, unaacha dirisha unakwenda kuomba chenji kwa jirani. Mteja huyo mmoja anachukua dakika 3 nzima. Umechelewa kwa sekunde 135, na huna cha kuzifidia isipokuwa zile sekunde 5 kwa kila anayefuata. Lazima wapite wateja 27 ndipo urudi ulipokuwa, na wateja 27 kwa mwendo huo ni zaidi ya dakika 22. Kabla dakika hizo hazijaisha, mwingine mwenye noti kubwa ameshafika. Ndiyo maana wenye maduka huniambia foleni yao haina sababu: aliyeisababisha alishachukua chenji yake na kwenda zamani.

Sasa chukua duka lilelile, lakini huduma ya kawaida ipungue kutoka sekunde 45 hadi 35. Kuchelewa kulekule kwa dakika 3 sasa kunafidiwa baada ya wateja 10 hivi, yaani kama dakika 8. Umepunguza sekunde 10 tu, ambazo hakuna mteja angezihisi dirishani, na muda wa kujikwamua umekuwa karibu theluthi ya ule wa mwanzo. Na hapa nimehesabu kana kwamba wateja huja kwa zamu. Kwa kweli huja kwa makundi, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko hiyo.

Kwa hiyo kesho mtoe huyo kijana kwenye mauzo kwa nusu saa ya msongamano, akae pembeni na saa ya simu na daftari. Kwa kila mteja aandike sekunde kuanzia anapoagiza mpaka anapoondoka dirishani. Kila anayezidi dakika moja aandikiwe sababu kwa neno moja: chenji, kutafuta, kupima, bei. Kujua watu wanasubiri kiasi gani mstarini hakuhitaji kumpimia saa kila mmoja. Mwaka 1961 mtafiti Mmarekani John Little alithibitisha kanuni ambayo kwa lugha ya duka inasema hivi: hesabu kwa wastani watu waliosimama, zidisha kwa muda unaopita kati ya mteja mmoja kuondoka na mwingine kuondoka. Watu 8 mstarini, anaondoka mmoja kila sekunde 50, basi anayejiunga sasa atasubiri karibu dakika 7. Kwa mtu anayewahi kazini, hizo ni nyingi.

Umeshasema mwenyewe kuwa chenji ndiyo inayokusumbua, basi tuanzie hapo. Wengi hudhani tatizo la chenji ni bahati mbaya ya siku. Hapana, linatabirika. Tuseme bidhaa inayotoka zaidi kwako ni ya 30, na wateja wengi huja na noti ya 100. Chenji yao ni 70, jana ilikuwa 70 na kesho itakuwa 70. Kama daftari la kijana linaonyesha wateja wa namna hiyo 6 kwa nusu saa, katika msongamano wa saa mbili utawapata 24 hivi. Usiku au alfajiri, wakati hakuna mtu, tengeneza vifurushi 30 vya 70, kila kimoja 50 moja na 20 moja zilizofungwa pamoja. Vihesabu mara mbili, viweke sehemu yake ndani ya droo, mbali na noti zilizo huru. Bei ikibadilika, vivunje vyote siku hiyohiyo, la sivyo utatoa chenji ya bei ya zamani bila kujua.

Mtauliza hizo noti ndogo zitoke wapi. Zinaingia dukani kwako kila siku saa za utulivu, kisha unazitoa mwenyewe. Msambazaji akija unamkabidhi rundo la noti ndogo ili uzipunguze, na wewe unabaki na kubwa. Geuza: mlipe kwa noti kubwa, ndogo zibaki. Noti kubwa zikiingia zisikae droo moja na chenji, ziende kwenye kisanduku chenye kufuli. Na jioni angalia ni noti au sarafu ipi iliyokwisha kwanza, maana hiyo ndiyo ya kuongeza kesho. Kuongeza fedha kwa jumla bila kujua ipi inapungua hakusaidii.

Wakati wa kupokea, noti ya mteja ikae juu ya kaunta, imekandamizwa, mpaka chenji iwe mkononi mwake. Ukiitupa droo mapema, akasema alikupa kubwa zaidi, huna ushahidi na foleni imesimama kwa mabishano. Chenji ihesabu kwa sauti kwa kupanda kutoka kwenye bei: 30, unaweka 20, inakuwa 50, unaweka 50, inakuwa 100. Hutoi kitu kichwani, na mteja anahesabu pamoja nawe, kwa hiyo haanzi upya kuhesabu akiwa bado ameziba dirisha.

Mpangilio wa ndani sitauzungumzia sana, kwa sababu daftari litakuambia. Bidhaa zilizotajwa mara nyingi zaidi ndizo zikae pale unapofikia kwa mkono bila kunyanyua mguu, kati ya kiuno na bega. Zinazotoka mara moja kwa siku ziende juu au nyuma, hata kama zinapendeza zikiwa mbele. Chochote cha kupimwa kwenye mizani kifungwe kwa vipimo vinavyoombwa zaidi kabla ya msongamano. Bei ziandikwe kwa maandishi makubwa mahali anapozisoma mtu wa tatu au wa nne mstarini, si pembeni mwa dirisha ambapo anazisoma akiwa ameshafika. Nje, pembeni mwa dirisha upande ambao foleni haipiti, weka ubao mwembamba wa kupangia vitu na kuweka pochi. Wateja wengi hubaki dirishani kwa sababu tu hawana pa kusogea.

Sasa huyo kijana. Nikikisia, mnasimama bega kwa bega, kila mmoja anachukua mteja wake, na wote mnagombea droo moja na rafu moja. Hapo hujapata wahudumu wawili. Umepata mmoja na nusu wanaogongana, tena kila chenji ikikwama mnakwama wote wawili.

Gawa kazi, usigawe wateja. Zile sekunde 45, tuseme zimegawanyika hivi: kusikia agizo 8, kuchukua bidhaa 17, kufunga 6, kupokea fedha na kutoa chenji 14. Wewe ubaki na agizo na fedha, jumla sekunde 22. Yeye achukue na kufunga, sekunde 23. Mkishazoea, anaondoka mteja mmoja kila sekunde 23 hivi, kwa sababu mwendo wa wawili unaamuliwa na mwenye sehemu ndefu. Fedha zinashikwa na mkono mmoja tu, na droo ikipungua jioni unajua pa kuuliza.

Lakini ona jambo hili: kama chenji haijaandaliwa na sehemu yako ya sekunde 22 inageuka 50, kijana atasimama ameshika mfuko uliofungwa akikusubiri, nanyi wawili mtahudumia taratibu kuliko mtu mmoja mwenye chenji tayari. Nadhani hata sasa, kabla ya kugawa kazi, kinachowakwamisha ni hichohicho. Hakuwa mvivu, alikuwa anasubiri droo. Akiwa na nafasi, kazi yake ya pili ni kumuuliza mtu wa pili mstarini anataka nini na ana noti gani. Asizidi wawili mbele, maana akishika maagizo ya watu wanne kichwani atayachanganya na mtayarudia.

Dirisha la pili lina mahali pake. Ukishafanya haya yote, na sehemu ndefu kati yenu bado inazidi muda unaopita kati ya mteja mmoja kufika na mwingine kufika, kwa saa nzima, toboa. Ila liwe na droo yake, chenji yake na rafu yake. Bila hivyo umetoboa tundu la kuingizia mvua.

Nisimalizie kwako tu, kwa sababu wapo wanaoishi kwa kuwauzia wenye maduka njia za mkato. Mmoja atakuambia mpe mteja kitu kidogo badala ya chenji. Mteja hakukiomba, utabishana naye dirishani, na mabishano yatakula zilezile dakika 3. Mwingine atakuambia malipo ya simu yataondoa foleni. Yanaweza, ikiwa namba ya malipo inasomeka kutoka katikati ya mstari na mteja anafika ameshalipa, nawe umeuona ujumbe kwenye simu yako mwenyewe. Akianza kutoa simu akiwa dirishani na mtandao ukasuasua, atachelewesha kuliko mwenye noti kubwa.

Anayenikera zaidi ni anayefundisha kwamba foleni ni tangazo, kwamba wapita njia wakiiona watajua duka ni zuri, hivyo iache. Huyo anahesabu waliosimama tu. Katika ile nusu saa ya daftari, mwambie kijana aweke alama pia kwa kila anayefika, akautazama mstari, akageuka. Zidisha alama hizo kwa faida ya mteja wako wa kawaida, kisha kwa nusu saa zote za msongamano za mwezi mzima. Kiasi hicho hakimo kwenye kitabu chochote cha mauzo, ndiyo maana wanaosifia foleni hawajawahi kukitaja.