Kufungua sensa ya oksijeni iliyogandia kwenye ekzosi

"Wakuu, taa ya injini ya Forester yangu inawaka na mashine ya kupimia inasoma P0141. Nimenunua sensa mpya, lakini ile ya zamani imegoma kabisa kutoka. Nifanyeje bila kuharibu bomba?"

Mkuu, ninayo Subaru ya aina hiyohiyo, na sensa yake ya nyuma ilikuwa imeshikwa na kutu vivyo hivyo. Kichwa cha sensa hizi ni cha milimita 22, na soketi yake ina mwanya ubavuni ili waya upite. Mwanya huo ndio udhaifu wake, kwa sababu ukiikaza sana soketi hutanuka, ikaanza kuteleza na kulainisha kona za kichwa. Kwa kuwa sensa yako inatupwa, kata waya wake ukishachomoa plagi, kisha ujaribu kwanza soketi ndefu nzima ya pembe sita. Ile yenye mwanya itumie pale ambapo ndefu haienei, au unapotaka kuiokoa sensa.

Nilipulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, bomba likiwa baridi, nikayaacha hadi asubuhi. Kabla ya kuwasha moto niliyafuta yote, kwa maana yanawaka, nikasogeza pembeni nyaya na kuhakikisha hakuna bomba la petroli karibu. Gari lilikaa juu ya stendi imara, si jeki peke yake.

Moto uelekezwe kwenye ile nati nene iliyochomelewa kwenye bomba, wala si kwenye sensa, kwa kuwa tunataka tundu litanuke kuliko kilichomo ndani yake. Mimi nilitumia tochi ndogo ya gesi, kama ile ya mafundi wa friji, nikauzungusha moto pande zote hadi nati ilipoanza kubadilika rangi. Hapohapo nilivalisha soketi hadi mwisho na kuisukuma kidogo upande wa kukaza, ndipo nikafungua kwa mpini mrefu, nikivuta taratibu bila kugonga.

Ikianza kuzunguka, usiifurahie mapema. Ikilia na kuwa nzito tena, maana yake kutu inasagika ndani ya meno. Irudishe nusu mzunguko, ongeza joto, kisha uendelee. Anayelazimisha hapo hutoka na sensa pamoja na meno ya nati. Ukiona soketi inafunguka mdomo, simama umpelekee fundi wa kuchomelea mwenye moto wa oksijeni na asetilini.

Bomba likipoa, pitisha tepu ya M18 × 1.5 kusafisha meno. Sensa mpya ikiwa haijapakwa kiwandani grisi ya kuzuia kugandia, paka kidogo kwenye meno tu, bila kugusa ncha yake, uianze kwa vidole, kisha uikaze kwa takriban Nm 40.