Maelezo ya tangazo la mkopo, Mbeya

"Tunakopesha wafanyabiashara wa Mwanjelwa. Tangazo letu linasema 'riba nafuu, 3% tu', lakini wateja wanalalamika wakishakopa. Tuandikeje?"

Ndugu, hiyo "3% tu" ndiyo inayowachanganya. Mteja hajui ni kwa mwezi au kwa mkopo wote, wala kama inakokotolewa kwenye mkopo wa mwanzo au kwenye deni linalobaki. Kwa 600,000 ya miezi 6, riba ya 3% kwa mwezi kwenye mkopo wa mwanzo ni 108,000. Akipunguza deni kwa 100,000 kila mwezi na riba ikafuata deni linalobaki, ni 63,000. Asilimia ni ileile!

Kwa hiyo anza na shilingi. Tuseme mnatumia njia ya kwanza, mnakata ada ya 12,000 na fomu 6,000. Andika hivi:

"Ukikopa 600,000, unapokea mkononi 582,000. Tunakata 18,000 za ada na fomu. Unarejesha 118,000 kila mwezi kwa miezi 6, jumla 708,000. Riba ni 3% kwa mwezi kwenye mkopo wa mwanzo."

Msiifiche ile 582,000 chini kwa herufi ndogo. Malalamiko mengi huanzia hapo, mtu alishapiga hesabu ya mzigo wa 600,000.

Ongeza faini ya kuchelewa kwa shilingi kwa siku, na kama anayemaliza mapema anapunguziwa riba. Mkiwalenga pia wakulima wa viazi wa Uyole, semeni wazi kwamba rejesho ni la kila mwezi, halisubiri mavuno.