Vistari vya jagi, rula na mizani: hesabu miruko

Swali: "Mwanangu yuko gredi 4 hapa Malindi, kila akiletewa karatasi ya kusoma jagi na mizani anakosa. Yeye kila kistari kidogo ni kumi tu. Nimwelezeje?"

Dada, mimi niko Lamu na jioni huwa nasomesha watoto wa mtaani hesabu, na hilo la kumi naliona sana. Limetoka kwa rula, kwa sababu pale kati ya sentimita moja na nyingine kuna milimita kumi basi mtoto anadhani kila kitu kiko hivyo.

Chukua jagi limeandikwa 200 halafu juu yake 400, katikati vistari vinne visivyo na namba. Ukimwambia asihesabu kumi atahesabu hivyo vinne, agawe 200 kwa 4, apate 50, na hapo kakosa tena. Kinachogawanywa ni nafasi, vistari ni mipaka tu. Mwambie aweke penseli kwenye 200 aruke mpaka 400 akihesabu miruko, atapata mitano. 400 toa 200 ni 200, gawa kwa 5, kila mruko ni mililita 40. Maji yakiwa kistari cha tatu juu ya 200 basi ni 320.

Na kabla hajaandika jibu ajipime mwenyewe, apande kwa sauti: 240, 280, 320, 360, 400. Imetua pale pale, sawa. Yule wa 50 atasema 250, 300, 350, 400 na bado yuko kistari cha nne, mstari wenye 400 yenyewe ataufikia na 450, hapo hata wewe huna haja ya kusema neno ataona mwenyewe kuna shida.

Mizani nayo ina mtego wake. Kati ya kilo 1 na kilo 2 unakuta vistari vitatu, yaani miruko minne, sasa 1 gawa kwa 4 inamtisha mtoto. Abadilishe kwanza kilo iwe gramu 1000, kila mruko unakuwa 250, ile robo anayotumwa dukani kila siku. Mshale ukiwa kistari cha pili baada ya 1 ni kilo 1 na gramu 500. Wengi huandika "kilo 1 na gramu 2", ukiona hivyo jua amehesabu vistari akasahau kuuliza kila kimoja ni ngapi.

Rula mara nyingi kosa si vistari, ni mwanzo. Wanachora penseli imeanzia 3 ikaishia 11, mtoto anaandika 11 wakati ni sentimita 8. Na usimpe rula yake ya kweli apimie mchoro, ile ya kwenye karatasi huwa imepunguzwa au kukuzwa ikichapishwa, asome namba zilizochorwa tu.